Tangazo lililoleta mteja ni lipi? Hesabu ya muuzaji mdogo wa mtandaoni

WAFANYABIASHARA wadogo wanaouza kwa njia ya mtandao hulipia matangazo Instagram, Facebook na Google, na mwisho wa mwezi kila kampuni huwaletea taarifa inayoonyesha faida. Hata hivyo, wengi wao wakifungua daftari la fedha hawaioni faida hiyo. Wiki hii safu yetu inaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, na jinsi mwenye bajeti ya laki chache anavyoweza kuipima bila kuajiri mtaalamu.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa mikoba ya kike aliyeko Kariakoo, mwenye tovuti ndogo ya kupokea oda. Tarakimu ni za mfano, na msomaji anaweza kuweka zake. Mkoba anauuza Sh. 45,000. Kuununua na kuusafirisha hadi stoo kunamgharimu Sh. 24,000. Mfuko na karatasi ni Sh. 1,000, na bodaboda anayoichangia ni Sh. 3,000. Kisha kuna gharama ambayo wengi huisahau, nayo ni oda zinazokataliwa mlangoni. Mwezi huo alipokea oda 70, na 8 kati yake zilirudi. Kila iliyorudi ilikula nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mfuko mpya, jumla Sh. 7,000. Ukigawa hasara hiyo kwa mikoba 62 iliyolipiwa, kila mmoja unabeba karibu Sh. 1,000.

Kinachobaki ni Sh. 16,000. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho mkoba mmoja unaweza kulipia tangazo bila kumla mwenye mali. Kwa lugha ya uwiano, gawa 45,000 kwa 16,000 upate 2.8. Yaani kila shilingi ya tangazo lazima ilete mauzo ya shilingi 2 na senti 80 ili muuzaji atoke sare. Wanaosema kwamba ukipata mara mbili ya ulichotoa umefaulu hawajawahi kuuza mkoba huu. Kwa muuzaji wa manukato ambaye nusu ya bei ni faida, mara mbili ni sare. Kwa muuzaji wa simu anayebakiwa na asilimia 10 tu, hata mara 9 ni hasara.

<b>Mauzo 65 kutoka mikoba 62</b>

Mwezi huo muuzaji wetu alitumia Sh. 600,000, ambapo laki nne zilikwenda Instagram na Facebook, ambazo ni za kampuni moja ya Meta, na laki mbili Google. Taarifa ya Meta ilidai mauzo 41, sawa na uwiano wa 4.6. Taarifa ya Google ilidai mauzo 24, uwiano wa 5.4. Zote mbili ziko juu sana ya 2.8, na mtu angekimbilia kuongeza fedha.

Lakini 41 na 24 ni 65, wakati mikoba iliyolipiwa ni 62 tu. Tena kati ya hiyo 62 wamo wateja wa zamani na majirani ambao wangenunua hata kama pasingekuwa na tangazo lolote.

Hakuna aliyedanganya. Kila kampuni inahesabu kwa kanuni yake. Kwa mpangilio wa kawaida, Meta hujiandikia mauzo ikiwa mteja alibofya tangazo ndani ya siku 7 zilizopita, au aliliona tu ndani ya siku 1 bila kubofya. Google kwa kawaida hurudi nyuma siku 30 tangu mteja abofye. Sasa mteja akibofya picha ya mkoba Instagram siku ya Ijumaa, kisha Jumapili akaandika jina la duka kwenye Google, akabofya tangazo la juu na kununua, kampuni zote mbili zitamwandika mteja huyo huyo. Na zote zilihesabu oda ilipobofywa, si fedha ilipopokelewa, hivyo zile 8 zilizorudi nazo zimo humo.

Kuna pia upande wa pili. Tangu Aprili 2021 Apple imewataka wenye programu kuomba ruhusa ya mwenye simu kabla ya kumfuatilia, na wengi walikataa. Kwa hiyo sehemu ya mauzo yanayoonekana kwenye taarifa hizi siku hizi ni makadirio. Zipo siku yanazidi, zipo siku yanapungua.

<b>Anza na mauzo ya bure</b>

Tarakimu ambayo hakuna kampuni inayoweza kumpa muuzaji ni ile ya mauzo ambayo yangetokea bila tangazo. Hii anayo mwenyewe kwenye daftari. Miezi mitatu kabla ya kuanza kutangaza aliuza mikoba 22, 26 na 24, wastani 24. Ukiitoa katika 62, matangazo yote kwa pamoja yaliongeza mikoba 38. Zidisha kwa Sh. 16,000 upate Sh. 608,000. Toa Sh. 600,000 alizolipa, na faida halisi ya mwezi mzima wa kutangaza ni Sh. 8,000.

Hapo ndipo swali la njia ipi inaleta mteja linapokuwa na maana. Njia nafuu ya kulijibu ni kuzima kitu kimoja na kuangalia daftari.

Muuzaji wetu alipoifungua taarifa ya Google kwa undani aliona kwamba Sh. 90,000 kati ya laki mbili zilikwenda kwa watu walioandika jina la duka lake, na watu hao ndio waliobeba mauzo 17 kati ya 24. Mtu anayeandika jina la duka tayari anakuja dukani. Alimlipia mteja aliyekuwa mlangoni. Mwezi uliofuata alizima sehemu hiyo peke yake, mengine akayaacha kama yalivyo. Mauzo yakawa 60.

Jambo hili halikuanzia Kariakoo. Mwaka 2012 kampuni ya eBay ilisimamisha matangazo ya jina lake kwenye Yahoo na MSN, na watafiti wakakuta karibu wateja wote waliokuwa wakipitia kwenye tangazo waliingia kupitia kiungo cha bure kilichokuwa chini yake. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Econometrica mwaka 2015. Tahadhari ni moja. Kama mshindani wako analipia jina lako ili yeye ndiye aonekane juu, kuzima kunaweza kukugharimu. Andika jina la duka lako kwenye Google kwa simu ya mtu mwingine uone nani anatokea.

Kwa mikoba 60, nyongeza juu ya ile 24 ni 36, sawa na Sh. 576,000. Gharama imeshuka hadi Sh. 510,000. Faida ni Sh. 66,000 badala ya Sh. 8,000.

Je, kushuka kutoka 62 hadi 60 kumetokana na kuzima tangazo? Hakuna wa kujua, na msomaji asijitie kujua. Mauzo madogo huyumba yenyewe. Kanuni ya haraka ni kuchukua kipeuo cha pili cha idadi: kwa mikoba 62 ni karibu 8. Mwezi mmoja ukiwa na 54 na mwingine 70, inaweza kuwa bahati tu. Kwa wiki moja yenye mikoba 15, kuyumba kwa 4 ni kawaida, hivyo anayezima tangazo Jumatatu na kutoa hukumu Ijumaa anasoma upepo. Muuzaji wa ukubwa huu apime vitu vikubwa tu, kwa wiki nne au zaidi, kimoja kimoja.

Njia hiyo hiyo itumike kabla ya kuongeza fedha. Tuseme anataka kuiongezea Meta laki mbili. Gawa 200,000 kwa 16,000 upate 12.5. Anahitaji mikoba 13 ya ziada, kutoka 60 hadi 73, na hiyo ni tofauti inayozidi kuyumba kwa kawaida. Ikiwa baada ya mwezi amefika 66 tu, nyongeza imeleta Sh. 96,000 kwa gharama ya Sh. 200,000, na hesabu yote inageuka hasara ya Sh. 38,000. Katika mwezi huo huo taarifa ya Meta inaweza kuonyesha mauzo 50, uwiano wa 3.75, bado juu ya 2.8. Uwiano wa wastani unaficha kwamba fedha za mwisho hazikuzaa. Walio tayari kununua hufikiwa mapema, na kila laki inayoongezwa hufuata walio mbali zaidi.

<b>Kwa wanaouza WhatsApp</b>

Wasomaji wetu wengi hawana tovuti. Tangazo linampeleka mteja WhatsApp, bei inajadiliwa huko, fedha inakuja kwa simu au mkononi mwa bodaboda. Hapa kampuni haioni mauzo kabisa. Inachohesabu ni mazungumzo yaliyoanzishwa, na itasukuma fedha zako kuelekea tangazo linaloleta mazungumzo kwa bei rahisi.

Dawa ni kulipa kila tangazo alama yake ndani ya ujumbe wa kwanza, ambao mteja anaukuta umeshaandikwa. Kama tangazo linatumia kiungo, kinaandikwa hivi, namba ya simu ikiwekwa mahali pa herufi X:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%20naulizia%20mkoba%20K7
```

Tangazo la pili lipewe K8. Daftari liwe na safu nne: tarehe, alama, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kulipwa. Isiyolipwa isihesabiwe.

Mfano, K7 ilitumia Sh. 150,000 ikaleta mazungumzo 200, kila moja Sh. 750. K8 ilitumia kiasi hicho hicho ikaleta mazungumzo 75, kila moja Sh. 2,000. Kwa taarifa ya kampuni K7 ni bora karibu mara tatu. Daftari likasema K7 imeuza mikoba 6, sawa na Sh. 25,000 kwa mkoba, na K8 imeuza 12, sawa na Sh. 12,500. Kumbuka kikomo ni Sh. 16,000. K8 ilikuwa imeandika bei na nauli ya kupelekewa kwenye picha, hivyo waliopiga hodi walishajua. K7 ilisema "njoo inbox kwa bei", na muuzaji akashinda akijibu watu 194 wasionunua.

Wapo wateja wanaofuta ujumbe huo na kuandika wao. Hao waulizwe walikotuona kabla ya kutajiwa namba ya malipo, maana baada ya kulipa hawajibu. Na jaribio lolote la kuzima au kuongeza lisivuke wiki ya kuelekea Idd, Krismasi au siku za mishahara bila kulinganishwa na siku kama hizo za nyuma, kwani wiki hizo mikoba hutoka hata kwa muuzaji asiyetangaza.