"Never" Ikikaa Mbele, Kitenzi Huhama

Ukisoma mkataba wa kupanga nyumba ulioandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, si ajabu kukuta kifungu cha namna hii: "At no time shall the tenant sublet the premises." Ujumbe wenyewe hauna ugumu. Mpangaji haruhusiwi, wakati wowote ule, kumpangishia mtu mwingine. Kinachomfanya msomaji asite ni mpangilio wa maneno. Tangu shule ya msingi tumeambiwa kwamba sentensi ya Kiingereza huanza na kiima, kitenzi kikafuata: "the tenant shall." Hapa "shall" imeruka na kukaa mbele ya mpangaji, kama inavyokuwa kwenye swali, lakini hakuna anayeulizwa kitu na mwishoni pana nukta.

Kiingereza rasmi kimejaa sentensi za aina hii. Mnamo tarehe 10 Mei 1994, Nelson Mandela alipoapishwa mjini Pretoria, aliahidi kwamba nchi yake haitarudi tena kwenye ukandamizaji. Alianza ahadi hiyo kwa kulirudia neno "never" mara tatu, kisha akatanguliza "shall" kabla ya kiima. Winston Churchill alifanya hivyohivyo bungeni mwezi Agosti 1940 alipowasifu marubani wa kivita wa Uingereza: "never" mwanzoni, halafu "was" ikitangulia kile kilichokuwa kikizungumzwa. Kwa kuwa tunazikuta kwenye hotuba kubwa na nyaraka za sheria, wengi huamini kwamba mpinduo huu ni madoido tu ya watu wanaopenda kusikika. Si hivyo. Mzungumzaji ana hiari ya kuliweka "never" mwanzoni au kuliacha katikati. Akishaliweka mwanzoni, kupindua ni lazima.

Tuchukue sentensi moja tuifanyie kazi. "We had hardly sat down when the lights went out." Tulikuwa ndiyo kwanza tumekaa, umeme ukakatika. Neno "hardly" liko katikati, mahali pake pa kawaida, na kila kitu kimetulia. Sasa mtihani unakuambia uiandike upya ukianza na "Hardly". Unalitoa neno hilo katikati na kulipeleka mbele. Kisha unatafuta kitenzi kisaidizi, ambacho hapa ni "had", na kukivusha kiima "we". Kitenzi chenyewe, "sat down", hakigusiki. Unapata: "Hardly had we sat down when the lights went out." Nusu ya pili, kuanzia "when", inabaki vilevile. Kinachohama ni kitenzi kisaidizi peke yake, na huo ndio msingi wa jambo zima.

Taabu huanza pale ambapo kitenzi kisaidizi hakionekani. "She never complained" ina kitenzi kimoja tu. Kiingereza cha leo hakiruhusu kitenzi kama "complain" kiruke kiima, kwa hiyo huazima "do", kama kinavyofanya kwenye maswali: "Never did she complain." Wakati uliopita umeshabebwa na "did", hivyo "complained" inarudi kuwa "complain". Kosa linaloonekana sana kwenye madaftari ya wanafunzi ni "Never did she complained", ambapo wakati uliopita umetajwa mara mbili. Kitenzi "be" chenyewe hakihitaji msaada huo, kwani huruka kwa nguvu zake: "Seldom is the road empty."

Kosa la pili lina asili nyumbani kwetu. Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi, na maneno kama "kamwe" au "hata siku moja" huja tu kutia mkazo juu ya kitenzi ambacho tayari kimekanushwa: sijawahi kamwe kumwona. Mtu akiubeba mtindo huo kama ulivyo, anaandika "Never I haven't seen him." Kwenye Kiingereza sanifu "never" imeshakanusha, na kukanusha tena kwenye kitenzi kunaharibu hesabu. Sentensi inayotakiwa ni "Never have I seen him."

Hadi hapo mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kukariri orodha: never, hardly, scarcely, seldom, rarely, nowhere, kisha virai kama "under no circumstances" na "on no account". Vitabu vingi vya shule hutoa orodha kama hiyo na kuishia hapo. Mimi naona wanamnyima mwanafunzi kitu kilicho bora zaidi, maana orodha itamwangusha atakapokutana na sentensi mbili zinazofanana sana sura:

"In no time we were home."
"At no time were we home."

Zote zinaanza na kihusishi, "no" na "time". Ya kwanza haina mpinduo na ya pili inao, na hakuna aliyekosea. Tazama maana. Ya kwanza inasema tulifika nyumbani, tena upesi sana. Kukanusha kumeishia ndani ya kirai chenyewe: ni muda ndio uliokuwa kama haupo, lakini kufika tulifika. Ya pili inasema hatukuwa nyumbani hata dakika moja. Hapo "no" imetoka nje ya kirai chake na kuikanusha sentensi nzima. Mpinduo ndiyo alama ya tofauti hiyo. Kitenzi kinaruka kiima pale tu ambapo neno la kukanusha lililowekwa mbele linatawala sentensi yote.

Kuna jozi nyingine ambayo wanaisimu huipenda, kwa sababu maneno ni yaleyale na mpangilio peke yake ndio unaogeuza maana. "With no job, Juma would be happy." Juma asingekuwa na kazi, angefurahi, huyu ni mtu anayetamani kupumzika. "With no job would Juma be happy." Hakuna kazi yoyote ambayo ingemfurahisha, mpe ualimu, mpe udereva, mpe ukurugenzi, atanung'unika. Angalia pia koma. Kirai kisichoitawala sentensi huweza kutengwa kwa koma, na msomaji hutua kidogo kabla ya kuendelea. Penye mpinduo koma haiwekwi na sauti haitui.

Mwanaisimu Mmarekani Edward Klima, katika makala yake maarufu ya mwaka 1964 kuhusu kukanusha katika Kiingereza, alionyesha vipimo vya kutambua kama sentensi nzima imekanushwa au ni sehemu yake tu. Kimojawapo kinafaa hata mezani kwa mwanafunzi: ongeza swali fupi mwishoni, lile la kuomba kuthibitishiwa. Sentensi yakinifu hupata swali lenye kukanusha, na sentensi kanushi hupata swali lisilokanusha. Kwa hiyo tunasema "They got home in no time, didn't they?" lakini "They were at home at no time, were they?" Ya pili haisikiki vizuri sana masikioni, nakubali, ila swali lake ni "were they", si "weren't they". Jaribu na "He hardly sleeps". Swali lake ni "does he?", na kumbe "hardly" ni kanushi ingawa haina "no" wala "not" ndani yake. Ndiyo maana nayo hulazimisha mpinduo.

Kipimo hicho hakijibu kila kitu. "Hardly anyone came" inaanza na "hardly", ni kanushi kweli, lakini haipinduliwi. Sababu ni kwamba "hardly" hapo ni sehemu ya kiima: "hardly anyone" ndio watu wenyewe tunaowazungumzia, na tayari wamekaa mahali pao. Hakuna kilichosogezwa mbele. Ndivyo ilivyo kwa "Nobody came" na "Only Asha came". Lakini "only" ikifungamana na wakati au hali iliyosogezwa mbele, mpinduo unarudi: "Only then did Asha come."

Watu wengi pia hujikwaa kwenye "not until". Chukua "Not until the rain stopped did we leave." Mpinduo uko "did we leave", mwishoni, mbali kabisa na "not". Mwanafunzi mwenye haraka huona "not", hupindua kitenzi cha kwanza anachokutana nacho, na kuandika "Not until did the rain stop we left." Lakini "until the rain stopped" yote ni kirai kimoja cha wakati, kinachojibu swali la lini. Kirai hicho chote ndicho kilichowekwa mbele, na kinachopinduliwa ni sentensi kuu inayokifuata. Kwa "not only" mambo ni kinyume: "Not only did she cook, but she also served the guests." Hapa mpinduo uko nusu ya kwanza, na nusu ya pili inakwenda kawaida.

Kuhusu jozi za "hardly" na "no sooner", neno moja tu. "Hardly" huenda na "when", na "no sooner" huenda na "than", kwa kuwa "sooner" ni neno la kulinganisha na Kiingereza hulinganisha kwa "than". Mwenye kulijua hilo hana haja ya kukariri.

Mbona kitenzi kihame kabisa, badala ya lugha kutafuta alama nyingine? Jibu liko kwenye historia. Kiingereza ni ndugu wa Kijerumani na Kidachi, na lugha hizo mbili hadi leo zinafuata kanuni kwamba kitenzi hukaa nafasi ya pili hata sentensi ianze na nini. Mjerumani akitaka kusema "leo nakuja", husema "Heute komme ich": leo, kisha kitenzi, kisha mimi. Kiingereza cha kale kilikuwa na tabia ya jinsi hiyo mara nyingi. Kati ya karne ya 14 na ya 15 tabia hiyo ilidhoofika, na kiima kikashika nafasi mbele ya kitenzi. Katika karne ya 16 matumizi ya "do" ya kuazima yakaenea, na "never saw I" ikaanza kuiachia njia "never did I see". Mpangilio wa zamani ulibaki kwenye vichochoro vichache: kwenye maswali, kwenye "So do I", kwenye "Here comes the bus", na baada ya maneno ya kukanusha yaliyowekwa mwanzoni. Kwa hiyo kifungu cha mwenye nyumba kinachomkataza mpangaji kimebeba sarufi ya zamani zaidi kuliko sheria yenyewe.

Katika mazungumzo ya kawaida mpinduo huu husikika kwa nadra, isipokuwa kwa mzaha au kwa mtu aliyekasirika. Anayemsimulia jirani habari za umeme kukatika atasema "We'd hardly sat down when the lights went out", na "hardly" itabaki katikati. Kwenye barua ya kuomba kazi sentensi moja yenye mpinduo inatosha. Zikifika tatu, mwajiri atahisi anahutubiwa. Kwenye mikataba, tangazo la usalama au masharti ya tiketi, umbo hili lina kazi maalumu: "Under no circumstances should this door be opened" inaliweka katazo mahali ambapo jicho linafika kwanza, kabla msomaji hajajua ni mlango gani unaozungumziwa.