Kipi Kilikuinua, Kipi Kilikumaliza: Namna ya Kuzisoma Upya Kazi Ulizowahi Kufanya

Muulize mtu kwa nini aliacha kazi aliyokuwa nayo miaka 3 iliyopita, na jibu litakuja kwa sentensi moja: mshahara ulikuwa mdogo, bosi alikuwa mkali, kazi ilichosha. Sentensi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini haimsaidii chochote anapotafuta kazi nyingine. Ndani ya kila kazi mna shughuli 10 au 15 tofauti, na ni nadra zote kumchosha mtu au zote kumpa nguvu. Anayeapa kwamba hataki tena kazi ya ofisini mara nyingi amechoshwa na shughuli mbili tatu tu zilizokuwa zikifanyika humo. Asipozitambua, ataikimbilia kazi ya nje na kuzikuta zinamsubiri hukohuko.

Nguvu inayozungumzwa hapa si ya misuli. Mwalimu anaweza kutoka darasani sauti imekauka na miguu inauma, lakini bado akawa anawaza namna atakavyoanza somo la kesho. Mwalimu huyohuyo akikaa nusu saa tu kujaza fomu, anainuka akiwa mzito kuliko alipotoka darasani. Darasa lilimchosha mwili likamwachia hamu; fomu hazikuugusa mwili wake lakini zilimaliza hamu. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta katika kazi za zamani, na kuipata kunataka uangalifu, kwa sababu kumbukumbu ina tabia ya kutupotosha kwa namna inayojulikana vizuri.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila anayejitathmini anafaa kulifahamu. Waliwaomba watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzijoto 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine watu haohao walikaa kwenye baridi ileile kwa sekunde 60, kisha wakaongezewa sekunde 30 ambapo maji yalipashwa kidogo, hadi nyuzijoto 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi kati ya hayo mawili, wengi walichagua lile refu, lenye maumivu mengi zaidi kwa jumla. Walikumbuka mwisho wake uliokuwa na nafuu, na urefu wa maumivu hawakuutia hesabuni. Kumbukumbu huweka kilele cha tukio na mwisho wake, katikati hupotea.

Sasa ipeleke hali hiyo kazini. Aliyeondoka kwa ugomvi wiki ya mwisho ataikumbuka kazi nzima kama ugomvi, hata kama kwa miezi 20 alikuwa akiamka mapema kuiwahi. Aliyefanyiwa sherehe ya kuagwa na kupewa zawadi ataisifu kazi iliyomkausha kila siku. Ndiyo maana swali la "Je, uliipenda kazi ile?" ni swali baya. Linaiomba kumbukumbu itoe hukumu, na hukumu yake hutokana na sehemu ndogo ya ushahidi.

Njia bora zaidi ni kuijenga upya siku yenyewe, kipande kwa kipande. Mwaka 2004 Kahneman na wenzake walieleza mbinu ya namna hiyo waliyoitumia kwa wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Teksasi, Marekani. Kila mmoja aliigawa siku ya jana katika vipande, kama vile sinema inavyogawanywa katika matukio, kisha akaeleza alichofanya katika kila kipande, alikuwa na nani, na alijisikiaje. Wao walikuwa wakiikumbuka jana. Sisi tunarudi miaka nyuma, hivyo hatuwezi kuziamini hisia tunazodhani tulikuwa nazo, bali tutegemee zaidi matendo. Hasira ya siku fulani mtu huisahau au huikuza, lakini akikaa akafikiri hukumbuka kwamba ripoti ya mwezi aliiandika usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha, kila mwezi, bila kukosa.

Kazi inaanza na karatasi moja kwa kila ajira uliyowahi kuwa nayo, na hapa biashara ya nyumbani, mafunzo kazini na kujitolea vyote vinahesabika. Chagua siku ya kawaida ya katikati ya kipindi chako pale, usichukue ya mwanzo wala ya mwisho. Andika ulichofanya tangu ulipofika hadi ulipoondoka. Kama imekufutika, jumbe za zamani kwenye simu, picha na daftari za kazi zitakurudishia mengi. Kila shughuli iandikwe kama tendo linaloonekana. "Mawasiliano" si shughuli. "Kumpigia simu mwanachama aliyechelewesha rejesho" ni shughuli. Neno pana litakudanganya, kwa sababu chini yake mna mambo unayoyapenda na usiyoyapenda yaliyochanganywa pamoja.

Kisha mbele ya kila shughuli jibu maswali matatu. Je, uliianza mwenyewe au uliisogeza hadi usukumwe? Ulipokuwa ndani yake, ulitazama saa mara kwa mara au muda ulikupita? Na ulipoimaliza, ulifanya nini dakika 10 zilizofuata: ulishika jambo jingine, au ulitafuta simu, chai na mtu wa kumlalamikia? Swali hili la tatu nalithamini kuliko mengine, kwa sababu ni vigumu kulijibu kwa kujipendekeza. Majibu yakielekea upande mmoja, weka alama ya kujumlisha au ya kutoa. Yakigongana, weka sifuri na uendelee.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyewahi kufanya kazi tatu nchini Tanzania. Alianza kama muuzaji katika duka la dawa muhimu, akawa keshia wa SACCOS, kisha afisa mikopo katika taasisi ya mikopo midogo, ambako aliacha akiwa amechoka kabisa. Anachokumbuka ni kwamba hesabu zilimshinda. Kila mwisho wa mwezi namba za marejesho zilimnyima usingizi, na sasa anatafuta kazi yoyote isiyo na hesabu.

Karatasi zake zinasema jambo jingine. Kule dukani, shughuli aliyokuwa akiiomba mwenyewe ilikuwa kuhesabu bidhaa za stoo na kulinganisha na daftari. Kwenye SACCOS, kufunga hesabu za siku kulimpita kama dakika chache, na siku ikitokea shoti, wenzake waliponuna, yeye alibaki kuitafuta risiti kwa risiti mpaka aione. Ilipopatikana alirudi nyumbani mchangamfu. Kuhudumia foleni dirishani kulipata sifuri. Kuwafundisha wanachama wapya kusoma taarifa zao za akiba kulipata alama ya kujumlisha, lakini walipokuwa wachache tu.

Kwenye kazi ya tatu, alama za kutoa zimekusanyika mahali pawili. Pa kwanza ni kwenda nyumbani kwa mdaiwa na kumdai mbele ya watoto wake. Pa pili ni ripoti ya mwezi, ambayo ndani yake mlikuwa na namba, lakini muda mwingi ulikwenda katika kueleza kwa nini lengo halikufikiwa. Katika kazi hiyohiyo alikuwa pia akikagua vitabu vya vikundi vya wakopaji kabla ya mkopo kuidhinishwa, na huko hakutazama saa.

Basi hesabu hazikumshinda. Karatasi zote tatu zinaonyesha kwamba humwinua zinapokuwa na jibu lililojificha ambalo mtu mwenye subira anaweza kulifikia. Kilichommaliza ni kumbana mtu asiye na pesa, na kutetea namba zisizo mikononi mwake. Mtu huyu angeikimbia hesabu angeitupa sehemu bora ya uwezo wake. Anachopaswa kutafuta ni kazi kama ya ukaguzi wa ndani, au ya kutunza vitabu vya chama, na kwenye usaili aulize wazi kama mwajiri atamtaka pia kufuatilia madeni.

Ugumu mkubwa wa zoezi hili ni kutenganisha shughuli na mazingira yake. Bosi mwenye kufoka anaweza kuitia sumu shughuli njema. Dawa yake ni kulinganisha: itafute shughuli ileile katika kazi nyingine, chini ya mtu mwingine. Ikiwa ilikuchosha kote, tatizo ni shughuli. Ikiwa ilikuchosha mahali pamoja tu, chunguza nini kilikuwa tofauti pale: watu, saa za kazi, kelele, malipo yaliyocheleweshwa, au pengine ulikuwa unanyonyesha mtoto mchanga na usingizi wako ulikuwa saa 4. Aliyefanya kazi moja tu maishani hana ulinganisho huo, na hitimisho lake alichukue kama dhana ya kupimwa.

Mtego wa pili ni kuchanganya ustadi na nguvu. Sifa za watu hutuvuta tuamini kwamba tunachokiweza ndicho kinachotufaa. Yule karani anayeandika muhtasari mzuri wa vikao hupewa kila kikao, miaka inapita, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama kazi hiyo inamkausha. Shughuli unayoiweza sana na yenye alama ya kutoa ni ya kuangaliwa kwa macho mawili, maana ndiyo utakayopewa kwa wingi zaidi.

Hakuna ajira yenye alama za kujumlisha tupu, wala si lazima iwepo. Mwaka 2009 Tait Shanafelt na wenzake walichapisha utafiti wa madaktari wa hospitali ya kufundishia nchini Marekani. Waliopata angalau asilimia 20 ya muda wao kwa shughuli iliyokuwa na maana kubwa zaidi kwao walikuwa na uchovu mkali wa kazi mara chache kuliko waliopata chini ya hapo. Utafiti huo peke yake hauthibitishi kwamba shughuli hiyo ndiyo iliyowakinga, na madaktari si watu wote. Lakini kiwango chenyewe kinatia moyo: asilimia 20 ni siku moja katika wiki ya siku 5. Mtu asiyeweza kuacha kazi yake, na wengi hatuwezi, anaweza kuitafuta siku hiyo moja kwa kubadilishana majukumu na mwenzake ambaye alama zake ni kinyume cha zake.

Kwa hiyo kabla ya kutuma barua nyingine ya maombi, kaa jioni moja na karatasi zako. Ukishazijaza, mpe mtu mliyewahi kufanya naye kazi azisome, umuulize ni wapi hakubaliani nawe. Yeye alikuona ukiahirisha na ukichangamka siku ambazo wewe mwenyewe umezisahau.