Simu ya Dukani Inaposema Haikusajiliwa

Mwezi uliopita tulipigiwa simu na jamaa yetu mwenye duka kijijini, Pemba, kwa kutumia simu ya binti yake. Yake ilikuwa imeandika "Not registered on network" tangu asubuhi. Wateja wanaolipa kwa simu walikuwa wakirudi, na kijana mmoja alikwisha mwambia kuwa serikali imefunga laini yake, atoe fedha isajiliwe upya. Tulimwomba asubiri.

Maneno hayo huwababaisha wengi, kwani usajili ni wa namna mbili. Upo wa kisheria, ambao Tanzania tangu mwaka 2019 hufanywa kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha NIDA. Na upo wa mitambo: kila simu inapowashwa hujitambulisha kwenye mnara, na mtandao huikubali au huikataa. Ujumbe ule huzungumzia huu wa pili. Bila shaka laini iliyofungwa kisheria nayo hukataliwa. Ndiyo maana yafaa kupima kabla ya kulipa.

Tulimwuliza kwanza: je, jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo anapata mtandao hapo dukani? Angekosa naye, tungeshuku mnara, na dawa ingekuwa kungoja. Jirani alikuwa akiongea vizuri. Tukamwambia azime simu, atoe laini na kuitia katika simu ya binti. Mtandao ukaja! Akapiga *106#, akaona jina lake limo. Basi laini ilikuwa salama, na kijana yule hakuwa na la kusajili.

Ikabaki simu. Alirudisha laini, akafungua `Settings`, kisha `Mobile networks`, kisha `Network operators`. Hapo palikuwa pamechaguliwa kampuni nyingine kwa mkono, yumkini na mjukuu aliyekuwa akicheza. Laini huzuiwa kuingia kwenye mnara wa kampuni isiyo yake, ila kwa simu za dharura. Akagusa `Select automatically`, na baada ya dakika moja hivi alama za mtandao zikasimama.

Kama isingekubali hata hapo, tungetia laini ya binti katika simu ya mzee. Ikikataliwa nayo, huenda antena imekufa, au namba ya utambulisho ya simu yenyewe imefungiwa, kama zilivyofungiwa simu bandia nchini mwezi Juni 2016. Namba hiyo, yenye tarakimu 15, huonekana kwa kubonyeza *#06#, hata mtandao usipokuwapo.

Lingekuwa kosa la laini, angekwenda mwenyewe na kitambulisho chake kwa wakala wa kampuni, kwa kuwa kidole hakitumwi. Namba ya siri ya fedha haihitajiki katika lolote kati ya haya. Mzee alitukiri kuwa yule kijana alikwisha iulizia.