Je, Wajua? Siri ya Chumvi, Mafuta na Unga

Je, wajua kwamba vitamini A haikutiwa kwenye mafuta ya kula kwa kubahatisha? Vitamini hiyo huyeyuka katika mafuta, si katika maji, hivyo humo huenea sawasawa na mwili huipokea kwa urahisi. Mtoto anayeikosa huanza kushindwa kuona giza linapoingia. Adui mkubwa wa vitamini hiyo ni mwanga: chupa angavu iliyopangwa juani mbele ya duka hupoteza vitamini siku baada ya siku, ingawa kwa macho mafuta ni yaleyale.

Madini joto yalitiwa kwenye chumvi kwa sababu kila mtu huila, tajiri kwa maskini, kidogo kidogo kila siku. Katika nyanda za juu mvua huyasomba kutoka udongoni, na huko ndiko rovu lilikoenea zaidi. Unga nao ulipewa chuma, kinachosaidia mwili kutengeneza damu. Ila chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza ufyonzwaji wake.

Basi chagua mafuta yaliyokaa kivulini, funika chumvi yako, na chai isubiri kama saa moja baada ya kula.