Lata la Zamani Linakunywa Rangi

Baba mmoja wa mtaa wetu alitaka kupaka rangi malata ya nyumba yake mbele ya mvua ya kwanza. Aliona kopo imeandikwa: litri 1 kwa meta 10 za mraba. Nyumba ina pande mbili za paa, kila moja ina urefu wa meta 7 na upana wa meta 4, ni kusema meta 56 pamoja. Kwa kupaka mara mbili, akapata litri 11 na kidogo. Akanunua 12, na akiba ya jamaa ikaishia pale.

Siku ya pili mtoto wake akaita toka juu: “Baba, rangi iko naisha! Mara ya pili, upande wa pale hatuyagusa bado!”

Baba akaongeza petroli katika rangi ili ienee. Ikaenea kweli. Lakini rangi nyepesi namna ile inaacha ngozi nyembamba tu. Mvua ya mwaka ule haikuisha, na kutu ilikuwa imerudi juu ya migongo ya mawimbi yote.

Kosa lilikuwa wapi? Kopo haikudanganya. Hesabu yake ni ya kitu laini na sawasawa, na lata la zamani haliko vile.

Kwanza, lata lina mawimbi. Chukua kamba, uilaze juu ya lata ikifuata kila bonde na kila mgongo, kwa upana wa sentimeta 60. Kisha uinyooshe na kuipima: kwa lata la kawaida utapata karibu sentimeta 67. Basi ile paa ya meta 56, kwa kweli ni karibu 63.

Pili, kutu inakunywa. Lata jipya limefunikwa na zinki, na maji yanateleza juu yake. Huku kwetu moshi wa matanuru ya shaba (lile la Lubumbashi lilianza mwaka 1911) unatoa gesi ya kiberiti. Ile gesi ikikutana na maji inakuwa asidi, nayo inakula zinki upesi. Zinki ikiisha, chuma kinatoa kutu, na kutu ina matundu madogo sana kama mkate. Rangi ya kwanza inaingia mle ndani kabla ya kufunika juu. Kwa kujua, weka tone la maji: likisimama kama ushanga, lata halinywi, likienea na kupotea, linakunywa.

Sasa, namna ya kujua kiasi bila kubahatisha. Sugua kwanza kwa burashi ya waya mpaka kutu inayolegea iishe, sababu rangi iliyoshika kutu legevu itaanguka pamoja nayo. Funga kitambaa puani, na kama kuna rangi ya zamani sana, uilowanishe mbele ya kusugua na watoto wakae mbali: yaweza kuwa na risasi ndani. Penye bisibisi inatoboa lata, usipoteze rangi, badilisha lata.

Kisha nunua kopo ndogo tu ya rangi ya kuzuia kutu. Pima robo ya litri, upake pahali pabaya kwa kawaida, mpaka iishe. Pima pale ulipopaka kwa meta, bila kufuata mawimbi, maana rangi yenyewe imekwisha kuyafuata.

Tufanye kwa nyumba ya yule baba. Tuseme robo ya litri ilienea meta 1 na nusu kasoro kidogo, yaani 1.4. Litri moja itafanya 5.6. Meta 56 zitaomba litri 10 kwa mara ya kwanza. Mawimbi peke yake yangeomba litri 6 na kidogo. Zile karibu 4 zingine zinanywewa na kutu.

Ikikauka, jaribu rangi ya mwisho palepale, kwa nusu ya kile kipimo. Sasa matundu yamejaa. Ikienea meta 1, litri moja itafanya meta 8, na paa yote itaomba litri 7. Jumla ni 17, si 12.

Kama feza inatosha kwa 12 tu, usiongeze petroli. Maliza upande mmoja kabisa, mara mbili, na ule mwingine ungoje kiangazi kingine. Na paka asubuhi, umande ukiisha kukauka lakini jua bado halijachoma lata: juu ya lata la moto rangi inakauka mbele ya kuingia katika matundu.

Kwa lupango la malata, fanya jaribio karibu na udongo. Pale chini matone ya mvua yanaruka kila siku, na ndipo lata linakunywa kuliko pahali pote.