Dola ya Aprili na dola ya Novemba: lini ulipie gari la Japani ukiwa Kihesa

Ukiwa Kihesa, hapa Iringa, na hela ya gari dogo la mtumba, unahangaika na bei ya mtandaoni kuliko kitu kingine chochote. Unalinganisha picha, kilomita na rangi. Lakini bei ile imeandikwa kwa dola, wewe una shilingi, na mwezi utakaobadilishia fedha zako unaweza kukuokolea zaidi ya milioni moja au kukupotezea hiyohiyo.

Tuchukue gari la dola 3,500, bei ya CIF, yaani gari pamoja na bima na meli hadi bandari ya Dar es Salaam. Dola ikiwa 2,700, unatoa shilingi 9,450,000. Ikiwa 2,450, unatoa 8,575,000. Tofauti ni 875,000, kwa gari lilelile.

Hiyo ni nusu ya kwanza tu. TRA hukadiria thamani ya gari la mtumba kwa dola, kisha kodi inageuzwa kuwa shilingi kwa kiwango kinachotumika wakati huo. Ikiwa kodi za gari lako ni sawa na dola 3,000, kwa 2,700 utalipa 8,100,000 na kwa 2,450 utalipa 7,350,000. Hapo kuna 750,000 nyingine. Jumla ya pengo ni 1,625,000, fedha ya kubadilisha tairi zote nne na bado ukabaki na chenji.

Bei ya dola hupanda na kushuka kufuatana na miezi ambayo dola zinaingia nchini. Watalii wa mbugani hujaa kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi; hata Ruaha, hapa kwetu, huo ndio msimu wake. Wengine huja mwisho wa mwaka. Kahawa ya Mbozi na Mbinga huvunwa katikati ya mwaka na kuuzwa miezi inayofuata. Tumbaku, pamba na ufuta navyo husogea katikati ya mwaka, na korosho za Mtwara na Lindi huanza minada Oktoba. Kwa hiyo nusu ya pili ya mwaka ndiyo yenye dola nyingi. Kuanzia Machi hadi Mei mvua zinanyesha, kambi nyingi za watalii zinapungua wageni au kufungwa, korosho zimekwisha, na mafuta ya magari bado yanaagizwa kila mwezi kwa dola. Dhahabu huuzwa mwaka mzima na husaidia, lakini haijazi pengo lote.

Hapa Kihesa kuna jambo linalotuchanganya. Fedha yetu huja mahindi ya Isimani yanapoingia sokoni, nyanya za Ilula zikikubali, maharage yakivunwa. Ni Juni, Julai, Agosti. Lakini mazao hayo kwa sehemu kubwa huuzwa kwa shilingi, kwa walaji wa humu humu nchini. Mfuko wako kujaa hakumaanishi kwamba benki nayo imejaa dola. Unaweza kuwa na hela Julai huku dola bado iko juu.

Ndivyo ilivyokuwa 2024. Julai dola ilikuwa inaikaribia 2,700, na Oktoba ilikuwa imeivuka. Kisha Novemba na Desemba ikaporomoka hadi karibu na 2,400 kabla ya mwaka kwisha. Korosho nyingi zilikuwa sokoni, utalii ulikuwa umefanya vizuri, na wenye dola walipoona bei inashuka walikimbilia kuziuza. Aliyelipa Oktoba na aliyelipa Krismasi hawakununua dola kwa bei moja.

Mwaka uliofuata ukaenda tofauti. Dola ilianza kupanda tangu Januari, na kufikia Mei 2025 ilikuwa tena karibu na 2,700. Safari hii haikusubiri korosho. Ilianza kushuka Juni, na Septemba ilikuwa imeshateremka hadi karibu na 2,460.

Kutokana na miaka hiyo miwili, chukua hivi: Machi hadi Mei ni wakati mbaya wa kununua dola, na Novemba hadi Desemba ni mzuri. Katikati hapo usikisie. Fungua tovuti ya Benki Kuu, bot.go.tz, inayotoa viwango kila siku. Andika bei ya kila Ijumaa kwa wiki nne. Ikiwa imeshuka wiki zote nne, msimu umeanza. Ikiwa inaruka juu na chini, bado.

Sasa, kuna njia nne za kulipa, na kila moja ina makato yake ya kujificha.

Ya kwanza ni kulipa mwenyewe kupitia benki kwa TT. Unakwenda tawini mjini na profoma ya muuzaji na kitambulisho. Usitazame bei ya Benki Kuu ukadhani ndiyo utakayopewa. Benki inakuuzia dola kwa bei yake, ambayo iko juu kidogo. Ikiwa imezidi kwa shilingi 30, kwenye dola 3,500 hiyo ni 105,000, na haitaandikwa popote kama ada. Kwa kiasi kama hicho uliza kama kuna bei ya maelewano. Mhudumu wa kaunta hana mamlaka nayo, lakini anaweza kupiga simu makao makuu, na mara nyingine inapungua. Asiyeuliza hapewi.

Halafu kuna fomu yenyewe. Kuna sehemu ya kuchagua nani analipa gharama za kutuma: OUR, SHA au BEN. Watu wengi hawaisomi, au mhudumu huwajazia SHA. Ukiacha hivyo, benki ya katikati njiani hukata chake, mara nyingi dola 15 hadi 30, na muuzaji wa Japani anapokea pungufu. Gari halipakiwi mpaka umalizie, na kutuma hizo dola 20 zilizopungua unalipa ada ya TT upya. Chagua OUR. Utalipa zaidi kidogo kaunta, lakini mzigo utatoka.

Njia ya pili ni wakala wa Dar anayepokea shilingi na kulipa kwa niaba yako. Ni rahisi, huhitaji foleni, na akiwa mwaminifu anakupokelea na gari bandarini. Gharama imejificha kwenye kiwango chake. Wakala akikupigia dola moja kwa shilingi 60 juu ya Benki Kuu, umelipa 210,000 kabla hajataja ada ya kazi. Mwulize swali moja kwa maandishi: unatumia shilingi ngapi kwa dola, na ya siku gani? Asiyetaka kulijibu, mwache. Angalia pia jina la mpokeaji. Kama profoma ina jina la kampuni ya Japani na wakala anataka uweke kwenye akaunti yake binafsi, hakuna punguzo linalostahili hatari hiyo.

Ya tatu ni kununua gari ambalo tayari liko yadi, Dar au Iringa mjini. Hapa unalipa shilingi, unaliona, unaliwasha, unaondoka nalo wiki hiyohiyo. Huna TT wala kadhia ya forodha. Lakini bei yake imebeba dola ya siku muuzaji alipolipia. Dola ikipanda yeye hupandisha haraka. Ikishuka, hashushi mpaka abanwe. Kwa hiyo yadi inafaa zaidi Aprili na Mei, ambapo gari lililoletwa Novemba kwa dola ya bei nafuu bado limesimama pale. Desemba, dola ikiwa chini, bana bei: mwambie ukiagiza leo litakugharimu kiasi gani, na umpe hesabu.

Na muuzaji akikutajia bei ya yadi kwa dola, mkatalie. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025, kwa Tangazo la Serikali namba 198, zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Wewe mnunuzi umekingwa na kanuni hiyo.

Ya nne ni kununua dola mapema na kuziweka. Wengine huchukua noti kwenye duka la kubadilishia fedha na kuzificha nyumbani. Siishauri. Noti zilizochakaa, zenye maandishi au za matoleo ya zamani hukataliwa au hushushwa bei, na noti ndogo mara nyingi hununuliwa kwa kiwango cha chini kuliko za 50 na 100. Mwizi akija, huna hata karatasi ya kudai. Akaunti ya dola ni salama zaidi, lakini ulizia kwanza makato ya mwezi, kiasi cha chini cha kubaki, na kama wanatoza unapoweka noti. Pia ujue gharama ya kubadili mawazo: ukinunua kwa 2,480 na siku hiyohiyo wakanunua kwako kwa 2,420, dola 3,500 zimekupotezea 210,000. Weka dola pale tu unapokuwa na uhakika wa kuagiza.

Kuna kalenda nyingine inayosahaulika. Gari likitoka Japani huchukua mwezi na zaidi kufika, kwa hiyo kodi hulipi siku uliyolipia gari. Ukilipa mwishoni mwa Novemba kwa dola nzuri, gari linaweza kutua Januari, wakati dola imeshaanza kupanda, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2025. Zaidi ya hapo, magari yenye umri wa miaka minane na kuendelea yana ushuru wa ziada, na yaliyopita kumi yana mkubwa zaidi. Gari lililo mpakani mwa umri huo, likivuka mwaka mpya likiwa baharini, linaweza kuhesabiwa mwaka mmoja zaidi na kuangukia kwenye ushuru wa juu. Hilo linaweza kula faida yote uliyopata kwenye dola. Kabla hujalipa, ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA, weka mwaka wa kutengenezwa, na uhesabu kwa mwaka ambao gari litatua, wala si mwaka unaolipa.

Uamuzi wangu kwa mwenye hela kamili ni huu. Kama ni Septemba au Oktoba na dola imeshaanza kushuka, lipa kwa TT sasa, ili gari na kodi vyote viangukie kabla ya mwaka kwisha. Kama ni Novemba au Desemba, lipa gari, lakini chagua lisilo karibu na mpaka wa umri, na tenga nyongeza ya asilimia tano kwenye fedha ya kodi. Kama ni Machi hadi Mei na gari unalihitaji kwa kazi, nunua la yadi. Kama huna haraka, subiri angalau mpaka Julai na uendelee kuandika bei za Ijumaa.

Na kama hela yako inatosha gari bila kodi, usiagize kwa matumaini kwamba dola itashuka kabla meli haijafika. Gari likikaa bandarini kupita muda wa bure, tozo ya kuhifadhi huongezeka kila siku, na hiyo haijali msimu.