Nguzo Tano Kwenye Skrini: Jinsi Takwimu za Vifo vya Watoto Zinavyosimuliwa

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionesha kuwa, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Tafiti za kitaifa zilizofuata zilionesha vifo 112 mwaka 2004/05, 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015/16 na 43 mwaka 2022. Namba hizo tano zinatosha kutengeneza chati inayosogea, yenye sauti ya msimulizi, ya kuoneshwa kwenye runinga ya kliniki ya mama na mtoto. Namna ya kuzichora ndiyo inayoamua kama mzazi anayesubiri huduma ataelezwa ukweli au atapotoshwa.

Kosa la kwanza huwa kwenye kipimo cha pembeni. Mchoraji akianzia 40 badala ya sifuri ili mabadiliko yaonekane vizuri, nguzo ya 1999 itakuwa na urefu wa 107 na ya 2022 urefu wa 3 tu. Macho yataona vifo vimepungua zaidi ya mara thelathini na tano, ilhali vimepungua mara tatu na ushee. Nguzo lazima ianzie sifuri.

Kosa la pili ni gumu kuligundua, kwa sababu linatokana na mwendo wenyewe. Mchoraji huipa kompyuta namba za 2015/16 na 2022, nayo hujaza nafasi ya katikati. Nguzo inaposhuka taratibu, hupita kwenye 55 wakati tarehe kwenye skrini inasoma 2019, na mtazamaji huamini kuwa 55 ilipimwa. Haikupimwa. Dawa yake ni kusimamisha chati kwenye kila utafiti kwa sekunde kadhaa, kuandika namba hapo tu, na kuficha tarehe wakati nguzo inasogea.

Msimulizi naye asikimbie. Ataje kwanza mwaka na namba, anyamaze, kisha nguzo ishuke.  Aidha, asiseme “mwaka 2022 walifariki watoto 43 kwa kila 1,000”, kwa kuwa akina mama waliohojiwa walieleza uzazi wao wa nyuma, na kiwango hicho kinahusu miaka mitano iliyotangulia utafiti.

Hapana shaka wananchi watauliza: wilaya yetu iko wapi? Utafiti wa 2022 ulifikia zaidi ya kaya 15,000 nchi nzima, idadi inayotosha kwa taifa lakini si kwa wilaya moja moja. Takwimu za MTUHA zinapatikana kwa wilaya, ila huhesabu vifo vilivyoandikwa vituoni. Mtoto aliyefia nyumbani anaweza asiwemo. Kwa hiyo nguzo ya sita, ya wilaya, haiwezi kusimamishwa kando ya zile tano. Ikioneshwa, iwe kwenye chati yake, chini ya maneno “vifo vilivyoripotiwa vituoni”.